Maswali yako yako kwenye Word? Hivi ndivyo unayageuza kuwa benki unayoweza kuichota tena

Swali: Habari za kazi mwalimu. Nafundisha Sayansi na Teknolojia darasa la sita, nina maswali mengi sana niliyotunga miaka yote yamelala kwenye mafaili ya Word, kila jaribio naanza upya kutafuta. Nataka niyaweke kwenye Google Sheets, kila swali lioneshe mada, ugumu, maksi na jibu lake ili niwe natumia tena. Niweke kolamu gani na nianzeje? Natumia simu, na kompyuta ya shule ikiwa iko wazi.

Jibu: Nzuri mwalimu, pole na majukumu. Kabla hujapesti swali hata moja kubali sheria moja tu, mstari mmoja ni swali moja na hilo swali linajitegemea. Yaani likichomolewa peke yake likapelekwa kwenye jaribio lingine liwe bado na maana. Ukipitia mafaili yako ya Word utakuta vitu kama "kutokana na mchoro wa swali la 11" au chaguo la D limeandikwa "A na C ni sahihi", hayo ndo yanakusumbua baadae, maana swali la 11 halitakuwepo na A inaweza ikawa imehamia B. Hayo yaandike upya wakati unayaingiza, usiyabebe kama yalivyo.

Faili liwe na kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza uite `Benki`, wa pili `Matumizi`, wa tatu `Jaribio`. Benki ndo stoo, na kolamu zake mi naziweka kwa mpangilio huu, na herufi zake uzifuate hivi hivi maana fomula za huko chini zinazitegemea:

```
A id          B mada      C ngazi     D maksi
E swali       F chaguo_A  G chaguo_B  H chaguo_C
I chaguo_D    J jibu      K herufi    L mwongozo
M asilimia    N mara_ya_mwisho
```

Id iwe fupi na isibadilike milele, mfano MSH-014 kwa mashine rahisi, UME-003 kwa umeme. Usitumie namba ya swali kwenye karatasi, maana hiyo inabadilika kila jaribio. Na id isijirudie, ukiwa na MSH-014 mbili fomula itakuletea ile ya juu tu bila kukwambia kitu.

Mada usiiandike kwa mkono kila mara. Leo utaandika "Mashine rahisi", kesho "mashine rahis", keshokutwa "Mashine Rahisi " yenye nafasi mwishoni, halafu ukifilta unapata maswali 9 wakati unayo 23 na wala hutojua kwamba mengine yamefichika. Andika majina ya mada pembeni kwenye ukurasa wowote, yale yale yaliyoko kwenye muhtasari wako, halafu chagua kolamu B yote nenda `Data` > `Data validation`, chagua `Dropdown (from a range)`, iambie isome kutoka kwenye ile orodha na ikatae chochote ambacho hakimo. Kuanzia hapo unabofya tu. Fanya hivyo hivyo kwa kolamu C ya ngazi, na hapo mi naweka maneno matatu basi: Kukumbuka, Kuelewa, Kutumia. Utaniuliza mbona sio rahisi, wastani, ngumu, ntakwambia mbele kidogo.

Sasa tuje kwenye jibu, hapa ndo benki nyingi za walimu zinaharibika. Mwalimu anaandika kwenye kolamu ya jibu herufi tu, "B". Mwaka unaofuata anabadilisha mpangilio wa machaguo ili watoto wasikariri, anasahau kolamu ya jibu, na B inabaki pale pale ikiwa sasa inaelekeza kwenye jibu la uongo. Karatasi 60 zinasahihishwa kwa jibu la uongo na wa kwanza kugundua ni mzazi. Kwa hiyo kwenye kolamu J usiandike herufi, andika jibu lenyewe kwa maneno, herufi iache itafutwe na fomula kwenye K:

```
=MID("ABCD", MATCH(J2, F2:I2, 0), 1)
```

Inachofanya ni kulitafuta jibu la J ndani ya yale machaguo manne na kukwambia limekaa nafasi ipi. Ukihamisha machaguo herufi inahama yenyewe. Na uzuri mwingine, kama jibu ulilochapa halifanani kabisa na chaguo lolote unaona `#N/A`, ambayo hapo ni rafiki yako, maana yake kuna nafasi imezidi, au kizio umeandika upande mmoja na mwingine hukuandika, au jibu sahihi halimo kabisa kwenye machaguo. Hii ya mwisho inatokea kuliko unavyodhani. Kwa maswali ya kujieleza ambayo hayana machaguo, K iache wazi.

Ila kabla hujaanza kuchapa machaguo, chagua kolamu F mpaka J uende `Format` > `Number` > `Plain text`. Usiruke hii. Usipofanya hivyo, ukichapa 1/2 kama jibu la sehemu, Sheets inadhani umeandika tarehe na kuigeuza, 3-4 nayo hivyo hivyo. Na ukija kuseti baadae haisaidii kwa zile zilizokwisha kugeuka, inabidi uzichape upya. Kolamu K usiiguse lakini, ukiiweka `Plain text` fomula itabaki imeandikwa kama maneno na haitofanya kazi.

Tuchukue swali moja tulione likiingia. Swali: "Mzigo wa N 200 uko umbali wa mita 1 kutoka kwenye egemeo la wenzo. Jitihada inawekwa mita 2 kutoka kwenye egemeo. Jitihada inayohitajika kusawazisha wenzo ni ipi?" Jibu ni N 100, kwa sababu jitihada mara 2 lazima iwe sawa na 200 mara 1. Kwenye machaguo usiweke namba za kujazia tu, kila chaguo la uongo liwe kosa ambalo mtoto anaweza kulifanya kweli. Mi ningeweka N 100, N 200, N 203 na N 400. Anayechagua 200 anaamini jitihada na mzigo huwa sawa siku zote, wa 203 amejumlisha kila namba aliyoiona (na wapo, usicheke), wa 400 anajua kanuni ila amegeuza umbali, huyu amekaribia. Hayo maelezo ndo yanaingia kwenye kolamu L ya mwongozo, mstari mmoja tu: "200 = anadhani ni sawa; 203 = kajumlisha; 400 = kageuza umbali". Miezi sita ijayo hutokumbuka kwanini uliweka 203, na mwalimu mwenzako akirithi benki hatojua kabisa.

Kwa swali la kujieleza la maksi 3 mwongozo ndo unabeba mgawanyo wa maksi: kanuni 1, kuweka namba sehemu sahihi 1, jibu pamoja na kizio 1. Ukiandika "maksi 3" tu bila mgawanyo, darasa A likisahihishwa na wewe na darasa B na mwenzako, mtoto aliyesahau kuandika N atapata 2 kwako na 3 kwake. Maksi za kolamu D na mgawanyo wa L vikague vijumlike sawa.

Haya, ugumu. Hapo juu nimekataa rahisi, wastani, ngumu kwenye kolamu C, na sababu ni kwamba wakati unatunga swali hujui ugumu wake, unabahatisha. Unachojua ni kazi gani kichwa cha mtoto kinatakiwa kufanya: kukumbuka jina, kuelewa maelezo, au kutumia kanuni kwenye jambo jipya. Hiyo unaweza kuiandika siku ile ile na isibadilike. Ugumu wenyewe unapimwa na watoto. Kuna maswali ya kukumbuka tu ambayo darasa zima linaanguka kwa sababu kipindi kile hukukifundisha vizuri, na kuna ya kutumia ambayo wote wanapata kwa sababu ulifanya mfano unaofanana kabisa ubaoni jana yake. Kwa hiyo ngazi unaibandika wewe, ugumu unaiachia kolamu M.

Hapo ndo kazi ya ukurasa wa `Matumizi`. Kila swali likitumika linapata mstari mpya: A tarehe, B id, C darasa, D wanafunzi waliofanya, E jumla ya maksi walizopata darasa zima kwenye hilo swali. Usifute mistari ya zamani na usiandike juu yake, ongeza chini tu. Halafu kwenye Benki kolamu M:

```
=IFERROR(SUMIFS(Matumizi!E:E, Matumizi!B:B, A2) / (SUMIFS(Matumizi!D:D, Matumizi!B:B, A2) * D2), "")
```

Inachukua maksi zote zilizopatikana inagawanya kwa maksi zote ambazo zingewezekana, kwa hiyo inafaa swali la maksi 1 na la maksi 3 bila kubadilisha kitu. Iseti ioneshe asilimia. Swali ambalo halijawahi kutumika linabaki tupu, na ndivyo inavyotakiwa, usijaze ya kubahatisha. Mi juu ya 75 nasema rahisi, chini ya 40 ngumu, kati hapo wastani, we unaweza kuweka mipaka yako.

Ila asilimia usiimeze nzima. Swali la machaguo manne, mtoto akifumba macho akachagua anapata 1 kati ya 4, kwa hiyo ukiona 25 au 28 hiyo sio "ngumu", hiyo ni sawa na hakuna aliyejua, au swali lenyewe lina kasoro. Kutofautisha hivyo viwili huhitaji hesabu kubwa. Baada ya kusahihisha panga karatasi kwa maksi za jumla, toa 10 za juu na 10 za chini, hesabu kwenye kila kundi wangapi wamepata swali hilo.

Turudi kwenye swali la wenzo. Tuseme darasa la watoto 60, waliochagua N 100 ni 19, N 400 ni 27, N 200 ni 9, N 203 ni 5. Asilimia ni kama 32, inatisha. Lakini kwenye 10 za juu 8 wamepata na kwenye 10 za chini amepata 1. Swali hilo zima kabisa, linatenganisha wanaojua na wasiojua, libaki benki. Wale 27 wa N 400 wanakwambia kitu kingine, kwamba kanuni wanayo ila hawajui umbali upi unaenda na nguvu ipi, hiyo ni kazi ya kipindi kimoja cha kurudia, na kufuta swali hakutasaidia.

Linganisha na swali kama hili: "Kipi kati ya vifaa hivi ni wenzo wa daraja la kwanza? mkasi, toroli, plaizi, kibano." Jibu lililoandikwa ni mkasi. Matokeo, 10 za juu wamepata 4, 10 za chini wamepata 3. Hapo simama. Watoto wako wazuri wamegawanyika, ukiangalia walikoenda utakuta wengi wamechagua plaizi, na wako sahihi, maana plaizi nayo egemeo lake liko katikati ya mzigo na jitihada kama mkasi. Swali lina majibu mawili. Asilimia peke yake ingekwambia "swali gumu" na ungelitumia tena mwakani. Kundi la juu likifanya sawa na la chini, au vibaya kuliko la chini, kwanza shuku jibu lako, pili machaguo, mtoto aje wa mwisho. Na maksi za wale waliochagua plaizi warudishie.

Ukirekebisha swali, mfano plaizi ukaitoa ukaweka kifaa kingine, usilifanyie marekebisho kwenye mstari ule ule. Fungua mstari mpya, MSH-022b, na ule wa zamani kwenye mwongozo andika "limestaafu, tumia 022b". Sababu ni kwamba takwimu za kolamu M ni za swali la zamani, ukibadilisha maneno halafu ukaendelea na id ile ile unachanganya matokeo ya maswali mawili tofauti. Kosa la herufi moja ambalo halibadilishi maana, hilo rekebisha tu usijisumbue.

Kolamu N inakwambia lini limetumika mara ya mwisho:

```
=MAXIFS(Matumizi!A:A, Matumizi!B:B, A2)
```

Seti kolamu ioneshe tarehe. Swali ambalo halijawahi kutumika utaliona limeandikwa tarehe ya mwaka 1899, usishtuke, hiyo ni sifuri imevaa nguo ya tarehe. Kama kompyuta ya shule ina Excel ya zamani (ya kabla ya 2019) `MAXIFS` haimo, hapo fanya hesabu kwenye simu kwa Google Sheets, sio lazima ung'ang'anie kompyuta ile.

Sasa kutunga jaribio. Tuseme jaribio la mwezi lina maksi 25 na umefundisha mada tatu: mashine rahisi vipindi 12, umeme vipindi 8, upumuaji vipindi 5. Jumla 25, kwa hiyo bila kuumiza kichwa ni maksi 12, 8 na 5, ndo jedwali la utahini lenyewe hilo kwa ufupi wake. Nenda Benki, washa filta (`Data` > `Create a filter`), chagua mada, angalia N upate ambayo hayajatumika karibuni, changanya ngazi. Ntakushauri swali usilirudishe shuleni kwako kabla mwaka haujapita, maana karatasi za darasa la sita huwa zinahamia kwa wadogo zao nyumbani. Kwenye ukurasa wa `Jaribio` unapesti id tu kwenye kolamu A, mengine yanajileta:

```
=VLOOKUP($A2, Benki!$A:$N, 2, FALSE)
```

Hiyo ya 2 ni mada, iweke kolamu B. Kolamu C weka 3 upate ngazi, D weka 4 upate maksi, E weka 5 upate swali, halafu 6 mpaka 9 machaguo, na 11 ni herufi ya jibu. Kisha pembeni hakikisha kila mada imefika ulichopanga:

```
=SUMIFS(Jaribio!D:D, Jaribio!B:B, "Mashine rahisi")
```

Ikitoka 10 badala ya 12 unajua bado maksi 2. Huu ukaguzi unachukua dakika na unakuzuia kutoa jaribio ambalo nusu ya maksi ni mada moja uliyoipenda.

Michoro sasa, hiyo inasumbua. Picha ukiibandika juu ya seli haifuati mstari wake ukipanga upya, utakuta mchoro wa sakiti umekaa kwenye swali la mapafu. Mi picha nazihifadhi kwenye folda na kila moja naipa jina la id ya swali lake, UME-003.png, na ndani ya swali naandika "(tazama mchoro UME-003)". Wakati wa kuchapa ndo naiingiza kwenye Word.

Kupanga nako kuna mtego. Ukichagua kolamu moja peke yake ukaipanga kwa `Sort range`, ile kolamu inahama na zingine zinabaki, na maswali yanapoteana na majibu yake. Panga kupitia kitufe cha filta tu, hapo mistari inahama yote pamoja. Ikikutokea, usiendelee kuchapa, nenda `File` > `Version history` urudishe toleo la kabla.

Kuhusu kuyahamisha yale ya Word usijaribu kuyaingiza yote wikendi moja, utachoka katikati na utaanza kuacha kolamu wazi. Anza na maswali ya jaribio linalokuja, yaingize yakiwa kamili na jibu na mwongozo, jaribio likishasahihishwa jaza Matumizi, na mwezi unaofuata ongeza mengine. Swali la zamani ambalo hata wewe mwenyewe huna uhakika na jibu lake liache huko huko Word.

Na linki ya faili hili usiitume kwenye grupu la WhatsApp la walimu ikiwa wazi kwa kila mwenye linki, mtoto wa mwalimu naye ana simu. Kuficha kolamu J na K sio ulinzi, mtu akifungua nakala yake anazionesha tena kwa kubofya mara moja. Akitaka mwenzako jaribio, kopi kutoka ukurasa wa Jaribio swali na machaguo tu upesti kwenye Word, kagua kwa macho kwamba kolamu ya herufi haikuja nayo, ndipo umpe mtu wa steshenari achapishe.